Skrinshoti ya Kishikwambi Kinachorusha kwenye Televisheni: Ni Picha ya Skrini Ipi?

(Hotuba kwa waandishi wa miongozo ya matumizi na wahudumu wa dawati la msaada. Imewekwa hapa nzima kwa ajili ya waliokosa kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani zimeachwa.)

Ndugu washiriki, hamjambo nyote.

Nina swali moja tu. Kishikwambi kimeunganishwa na televisheni kwa Wi-Fi, picha inaonekana huku na kule, na mtu anabonyeza vitufe vya skrinshoti. Faili linaloingia kwenye matunzio ya picha linafanana na kishikwambi, au linafanana na televisheni?

Linafanana na kishikwambi. Ukibonyeza kitufe cha kuwasha pamoja na cha kupunguza sauti kwenye kishikwambi cha Android, unapata skrini ya kishikwambi. Ukibonyeza kitufe cha juu pamoja na cha sauti kwenye iPad, au cha juu pamoja na kile cha duara kwenye iPad zenye kitufe hicho, unapata skrini ya iPad. Televisheni haiulizwi.

Jibu likishapatikana, mbona bado tumekaa? Tumekaa kwa sababu watu hutumia skrinshoti hiyo kama ushahidi wa kilichoonekana kwenye televisheni. Mteja anaituma kwenu kulalamika. Mwandishi anaiweka kwenye mwongozo na kuandika chini yake "utaona hivi kwenye televisheni yako". Hapo ndipo mambo yanapoharibika, na yanaharibika kwa namna zinazotambulika.

Tuanze na malalamiko. Chukueni mteja anayesema televisheni yake inaonyesha picha yenye vibokisi vibokisi, herufi zimefifia na kila kitu kinachelewa. Mhudumu anamwambia: "Piga skrinshoti, nitumie." Mteja anapiga, anatuma. Mhudumu anafungua picha na kuiona safi kabisa, haina doa. Anajibu: "Kwangu haina shida." Mteja anakasirika, na ana haki. Nani amedanganya hapo? Hakuna. Picha imepigwa mahali ambapo tatizo bado halijatokea.

Tazameni safari yenyewe. Ndani ya kishikwambi kila programu huchora dirisha lake. Mfumo huyachukua madirisha hayo yote, pamoja na picha ya nyuma na ule ukanda wa juu wenye saa na betri, na kuyaunganisha kuwa picha moja ya skrini. Kwenye Android kazi hiyo hufanywa na sehemu iitwayo `SurfaceFlinger`. Unapoakisi skrini, mfumo huanzisha skrini ya pili ya kubuni isiyo na kioo, na kuiunganishia picha yake. Picha ya skrini hiyo ya pili ndiyo inayobanwa kuwa video, kwa kawaida kwa mtindo wa H.264, ikakatwa vipande, ikarushwa hewani, ikapokewa, ikafunguliwa, kisha televisheni ikaongeza rangi na makali yake. Skrinshoti huchukuliwa kwenye skrini ya kwanza. Haijabanwa kuwa video, haijapita kwenye Wi-Fi, haijaguswa na televisheni. Ni nakala uliyobaki nayo nyumbani kabla barua haijafika posta: itakuonyesha ulichoandika, haitakuonyesha bahasha ilivyofika imelowa.

Kwa hiyo kila kasoro inayozaliwa baada ya hapo haimo kwenye skrinshoti. Vibokisi havimo. Kuganda kwa picha hakumo. Rangi zilizokolea kupita kiasi kwa sababu televisheni imewekwa kwenye hali ya `Vivid` hazimo. Hata mambo mengine ya kishikwambi chenyewe hayamo: mwangaza wa skrini uliopunguzwa hauonekani kwenye faili, wala ile rangi ya manjano ya `Night Light` au `Night Shift` haionekani, kwa sababu huongezwa picha ikiwa imeshaunganishwa, inapoelekea kwenye kioo.

Na kuchelewa je? Kuchelewa nako hakumo, lakini kunapimika kwa urahisi. Fungua saa ya kuhesabia sekunde kwenye kishikwambi huku ukiakisi. Simamisha kishikwambi kando ya televisheni, kisha piga picha moja kwa simu nyingine, skrini zote mbili zikiwemo. Kama kishikwambi kinasoma sekunde 12.84 na televisheni 12.61, picha inachelewa sekunde 0.23. Sasa rudia, lakini piga skrinshoti: utapata namba ya kishikwambi peke yake. Anayepiga skrinshoti kwa kufuata macho yake kwenye televisheni, akingoja tukio fulani litokee, atajikuta amenasa kitu kilichotokea baadaye kidogo. Kwenye mchezo au video yenye mwendo, tofauti hiyo inatosha kukosa kabisa ulichokuwa unakilenga.

Wahudumu, mkitaka kumsaidia yule mteja, ombeni vitu viwili. Skrinshoti ya kishikwambi, na picha ya televisheni iliyopigwa kwa kamera ya simu. Kasoro ikionekana kwenye zote mbili, imeanzia kwenye programu au kwenye kishikwambi. Ikionekana kwenye picha ya kamera tu, angalieni mkondo wa video, Wi-Fi au televisheni. Picha mbili hizo zinawaokolea maswali mengi.

Sasa nije kwenye umbo na ukubwa, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo waandishi wa miongozo wanapoteleza.

Tuchukue kishikwambi chenye skrini ya pikseli 2560 kwa 1600. Mkondo wa kuakisi unaofika kwenye televisheni tuuchukue ni wa pikseli 1920 kwa 1080, kipimo kinachotumika sana. Hata televisheni ikiwa ya 4K haibadilishi kitu: itapokea mkondo wa 1080 na kuutanua yenyewe. Skrinshoti itatoka 2560 kwa 1600. Je, televisheni inaonyesha nini?

Umbo la kishikwambi ni 16 kwa 10, la televisheni ni 16 kwa 9. Picha haiwezi kujaa pande zote bila kuvutwa au kukatwa, kwa hiyo inapunguzwa mpaka urefu wake wa kwenda chini utoshe 1080. Upana unakuwa 1080 mara 1.6, yaani 1728. Zinabaki pikseli 192 zisizo na kazi, na zinagawanywa kuwa mapande meusi mawili, kila upande 96. Mapande hayo hayamo kwenye skrinshoti. Kwenye iPad yenye skrini ya 4 kwa 3, kama ile ya 2048 kwa 1536, mapande yanakuwa mapana zaidi: picha inachukua 1440 tu, na kila upande unabaki na weusi wa pikseli 240. Ukikishika kishikwambi wima, weusi unameza sehemu kubwa ya televisheni, lakini skrinshoti yako itakuwa picha ndefu wima, imejaa, haina weusi hata kidogo.

Hilo ni umbo. Sasa hesabuni pikseli. Kishikwambi kina pikseli 4,096,000. Eneo la picha kwenye mkondo lina 1728 mara 1080, yaani 1,866,240. Ni chini ya nusu. Kwenda upande na kwenda chini pia, kila pikseli ya kishikwambi imepata urefu wa 0.675 tu ya pikseli ya mkondo. Mstari mwembamba wa pikseli moja, kama ule unaotenganisha safu za jedwali, hauna pa kukaa vizuri. Unachanganyika na jirani yake na kuwa ukungu wa kijivu. Juu ya hapo, video nyingi za namna hii hubeba taarifa za rangi kwa nusu ya vipimo, kwenda upande na kwenda chini, huku za mwangaza zikibaki kamili. Herufi nyeusi kwenye karatasi nyeupe huvumilia. Herufi nyembamba nyekundu juu ya bluu huvuja rangi kando.

Fikirini sasa mwandishi anayetayarisha mwongozo wa mafunzo. Ana jedwali lenye herufi ndogo, analiakisi ukumbini, anapiga skrinshoti, anaitazama: kila namba inasomeka. Anaandika, "Washiriki wasome safu ya tatu kwenye televisheni." Siku ya mafunzo, waliokaa nyuma hawasomi kitu, na wa mbele wanabishana kama ile ni 8 au 6. Skrinshoti ilimwonyesha pikseli milioni nne. Washiriki walipewa chini ya milioni mbili, zikiwa zimebanwa. Angeweza kujua mapema? Ndiyo. Angefungua skrinshoti kwenye programu ya kuhariri picha, akaipunguza mpaka urefu wa 1080, kisha akaitazama kwa ukubwa wake halisi. Haitampa athari ya kubanwa kwa video, lakini itampa kiwango cha juu kabisa ambacho televisheni ingeweza kuonyesha. Kama namba hazisomeki hapo, hazitasomeka ukumbini.

Kuna jambo la tatu la umbo, na hili huwachanganya hata mafundi. Baadhi ya televisheni hukata kingo za picha. Ni tabia ya kale, ya enzi za televisheni zenye mtungi wa kioo, na imebaki kwenye mipangilio ya televisheni nyingi bapa. Tuseme inakata asilimia 2.5 kila upande. Kwenye 1920 kwa 1080, hizo ni pikseli 48 kushoto na kulia, na 27 juu na chini. Kushoto na kulia hakuna hasara kwa kishikwambi chetu, kwa kuwa kinachokatwa ni weusi tu. Juu na chini je? Mistari 27 ya televisheni ni sawa na mistari 40 ya kishikwambi. Kwenye skrini ya msongamano huo, ule ukanda wa juu unaweza kuwa na kimo cha mistari 48. Arobaini kati ya hiyo imekwenda.

Mnaona kinachotokea? Mwongozo unasema, "Tazama alama ya kurusha pale juu kulia." Kwenye skrinshoti alama ipo, imekaa vizuri. Mtu anatazama televisheni na hakuna alama, hakuna saa, hakuna betri. Anadhani kifaa chake ni tofauti. Dawa yake iko kwenye rimoti: ingia mipangilio ya picha, tafuta ukubwa wa picha, chagua kile kinachoitwa `Just Scan`, `Screen Fit` au `1:1`, kutegemea televisheni. Usichague kinachoitwa `Zoom`. Hicho kinazidisha ugonjwa.

Mpaka hapa nimesema habari za kuakisi, ambako angalau skrini mbili zinaonyesha kitu kimoja. Lakini neno "kurusha" watu hulitumia kwa mambo mawili yasiyofanana, na la pili ndilo linaloleta mshangao mkubwa.

Ukiwa ndani ya programu ya video ukagusa alama ya kurusha, ile ya pembe nne yenye mawimbi pembeni, kishikwambi mara nyingi hakitumi picha yoyote. Kinakipa kile kifaa cha kwenye televisheni, mathalani Chromecast, anwani ya video na amri ya kuicheza. Kifaa hicho kinaivuta video chenyewe kutoka mtandaoni. Kishikwambi kimegeuka rimoti. Skrini yake inabaki na jina la video, picha ndogo ya jalada, mstari wa muda na kitufe cha kusitisha. Piga skrinshoti wakati huo, utapata hivyo hivyo: jina, jalada, mstari, kitufe. Fremu inayochezwa kwenye televisheni haipo ndani ya kishikwambi hata kidogo, haikupitia humo. Hakuna mpangilio utakaoileta.

Mtu anayetaka kunasa kipande cha somo la video hushangaa hapo. Ameona mchoro kwenye televisheni, amebonyeza vitufe, amepata jalada. Afanye nini? Asitishe urushaji, video irudi kuchezwa kwenye kishikwambi, asogeze mstari wa muda mpaka kwenye dakika ileile, ndipo apige. Au aakisi skrini nzima kutoka kwenye mipangilio ya haraka badala ya kugusa alama iliyo ndani ya programu. Kwenye iPad kuna mtego wa ziada: hata ukiwa umeanza kwa kuakisi, baadhi ya programu ukicheza video huikabidhi televisheni, na iPad inabaki na ujumbe tu kwamba video inachezwa kwenye televisheni. Skrinshoti inaunasa ujumbe huo kwa uaminifu wote.

Mnatambuaje ni njia ipi inayotumika, mkiwa kwenye simu na mteja? Mwambieni atoke kwenye programu, arudi kwenye skrini ya mwanzo. Televisheni ikionyesha aikoni zake, anaakisi. Televisheni ikiendelea na video kama vile hakuna kilichotokea, anarusha kwa amri.

Katikati ya njia hizo kuna programu za maonyesho. Hizi hutengeneza picha mbili kwa makusudi: televisheni inapata slaidi, kishikwambi kinabaki na slaidi ndogo, inayofuata, muda, na maelezo ya msemaji. Msemaji mmoja akapiga skrinshoti ya slaidi ili aigawe kwa wasikilizaji, akaituma kwenye kundi bila kuitazama. Waliofungua walikuta slaidi na chini yake ameandika: "Hapa watauliza gharama, ruka haraka." Maskini. Kama mnataka slaidi kama ilivyoonekana, msitumie skrinshoti kabisa. Toeni slaidi yenyewe kama picha au kama PDF kutoka kwenye programu.

Tuje kwenye weusi. Wakati mwingine skrinshoti haifanani na kishikwambi wala televisheni: ni nyeusi, au inakataliwa kabisa kwa ujumbe kwamba hairuhusiwi. Kwenye Android, mtengenezaji wa programu anaweza kuliwekea dirisha alama iitwayo `FLAG_SECURE`. Programu za benki huipenda. Alama hiyo inazuia mambo mawili kwa pamoja: dirisha lisiingie kwenye skrinshoti, na lisionyeshwe kwenye skrini isiyo salama. Ndiyo maana ukiakisi programu kama hiyo, wewe unaiona mkononi, televisheni inaonyesha weusi, na skrinshoti inakataliwa. Hapo kishikwambi ndicho kilicho peke yake, na hakuna kilichoharibika.

Filamu za kulipia nazo zina ulinzi wao. Picha ya filamu hukaa kwenye kumbukumbu iliyofungwa ambayo skrinshoti haiifikii. Mara nyingi utapata vitufe na maandishi vimenaswa vizuri, na pale kati ambapo filamu ilikuwepo pana shimo jeusi. Mteja akiwatumia picha kama hiyo akisema televisheni imeharibika, mwulizeni kwanza kama ilikuwa filamu ya kulipia. Msimwambie ajaribu kifaa kingine cha kupigia skrinshoti. Ulinzi uko kwenye mfumo, hauko kwenye vitufe.

Swali lililobaki ni hili: nikitaka picha ya televisheni yenyewe, kama watu walivyoiona, naipataje?

Kama televisheni au kifaa chake kinatumia Android TV au Google TV, unaweza kuiomba ipige skrinshoti yake. Kwenye mipangilio, sehemu inayoeleza habari za kifaa, bonyeza mstari wa `Build` mara 7 ili kufungua mipangilio ya wasanidi, kisha ruhusu utatuzi kupitia mtandao. Kwenye vifaa vinavyotumia mlango wa 5555, kompyuta yenye programu ya `adb`, iliyo kwenye Wi-Fi hiyohiyo, inatoa amri mbili, ukiweka anwani ya kifaa chako:

```
adb connect 192.168.1.20:5555
adb exec-out screencap -p > tv.png
```

Televisheni itauliza kama unairuhusu kompyuta hiyo; kubali kwa rimoti. Vifaa vipya zaidi vinataka kwanza uoanishe kwa namba ya siri inayoonyeshwa kwenye skrini, na mlango wanautaja humohumo. Tahadhari mbili. Video iliyolindwa itatoka nyeusi huku nako. Na picha utakayoipata imechukuliwa kabla televisheni haijaongeza rangi zake na kukata kingo, kwa hiyo bado haitaonyesha kila alichokiona mtazamaji. Ukimaliza, uzime utatuzi huo.

Picha inayonasa kila kitu ni ya kamera tu, na kamera ina ukaidi wake. Zima mwanga wa kamera. Funga mapazia, maana kioo kitaonyesha dirisha. Simama mbele ya katikati ya televisheni, rudi nyuma, kisha vuta karibu kidogo, ili kingo zisipinde. Ukiona mistari ya giza ikipita kwenye picha, kasi ya kamera ni kubwa mno. Iweke kwa mkono kwenye 1/60 au 1/50, na kama bado, 1/30. Ukiona mawimbi ya rangi kama ya kitambaa cha hariri, hayo yanatokana na vinukta vya televisheni kugongana na vya kamera. Sogea hatua moja mbele au nyuma, au geuza kamera kidogo, yatapungua.

Kisha hifadhini faili zote mbili kwa majina yanayosema zilikotoka, `kishikwambi` na `tv`, kwa sababu baada ya mwezi hakuna atakayekumbuka. Mkikuta faili la zamani lisilo na jina la maana, fungueni maelezo yake mtazame vipimo: 2560 kwa 1600 au 2048 kwa 1536 ni kishikwambi; 1920 kwa 1080 inaweza kuwa televisheni, lakini inaweza pia kuwa simu iliyolazwa, kwa hiyo tazameni na ukanda wa juu kama una betri.